Mteja anasema bei iko juu: tafuta sababu kabla ya kugusa bei

Fundi anayetengeneza fenicha za oda husikia "bei iko juu" kila siku. Akiisikia, kitu cha kwanza kinachomtoka mdomoni ni "basi sema una ngapi", au anashusha elfu hamsini papo hapo kabla mteja hajamaliza sentensi. Shida ni kwamba maneno hayo yanaweza kutoka kwa watu watano wenye sababu tano tofauti, na punguzo huwafaa wachache kati yao. Aliyebanwa na mfuko siku hiyo na anayeogopa kutapeliwa watasema maneno yaleyale. Ukimshushia bei anayeogopa kutapeliwa, hofu yake inaongezeka.

Hapa nitatumia bidhaa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6, cha oda, kama kinavyotengenezwa kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam. Tuseme bei yake ni shilingi 900,000. Kama unauza mageti, makabati ya jikoni au madirisha ya alumini, weka hesabu yako mahali pa yangu.

Kwanza, ujue punguzo linakata wapi

Kabla ya kumchunguza mteja, chukua karatasi. Mbao za mninga, 380,000. Kuranda na kukata kwa mashine, 40,000. Gundi, msasa, skrubu na vanishi, 60,000. Ufundi, 180,000. Fungu la kitanda hiki katika kodi, umeme na mlinzi, 70,000. Kirikuu cha kupeleka mzigo, 40,000. Jumla ni 770,000. Faida ni 130,000.

Sasa mteja anaomba umpunguzie asilimia kumi, na kwa sikio inaonekana ni kitu kidogo. Asilimia kumi ya 900,000 ni 90,000, lakini haikatwi kwenye mbao wala kwenye kodi, kwa sababu hao hawakupunguzii wewe. Inakatwa yote kwenye ile 130,000, na unabaki na 40,000. Ili upate faida uliyokuwa uipate kwenye kitanda kimoja, sasa itabidi uuze vitatu na zaidi. Mafundi wengi wanaofanya kazi mchana kutwa na bado hawana hela ya kununua mbao za oda inayofuata wamekwama hapa. Kazi wanayo, ila faida waliiacha kwenye mazungumzo ya dakika mbili.

Hesabu hii usimwoneshe mteja. Ni ya kukufanya utulie pale anapokunja uso.

Dalili: anashtuka kabla hajakitazama kitanda

"Ngapi hicho?"

"Laki tisa, mama."

"Mh! Laki tisa! Hapana, iko juu sana hiyo, mwanangu."

Hajakigusa, hajauliza mbao gani, hajatazama nyuma. Mara nyingi hapa hakuna pingamizi lolote. Watu wetu wamezoea kupatana bei, na mnunuzi akikubali bei ya kwanza bila kusema neno anajiona amezubaa. Kwa hiyo ule mshtuko ni salamu ya biashara. Njia ya kuthibitisha ni kumtazama miguu yake. Kama amesema iko juu na bado amesimama, au amepiga hatua kukisogelea kitanda, bado yumo kwenye mazungumzo.

Dawa yake ni kutojibu kuhusu bei kwanza. Mpokee na umrudishe kwenye kitu chenyewe: "Nimekusikia, mama. Karibu ukitazame kwanza, halafu tutaongea." Kisha umwoneshe jambo moja ambalo picha haioneshi. Mimi humwomba mteja ainame atazame upande wa ndani wa mfumbati, mahali ambapo vanishi haikufika. Mninga wa kweli una rangi yake ya kahawia yenye wekundu hata huko kusikopakwa kitu, lakini mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya mninga hujulikana hapo hapo, maana upande wa ndani unabaki mweupe. Mtu akishaona hilo kwa macho yake, huhitaji kuhutubia.

Kosa kubwa la hatua hii ni kumwaga maelezo. Fundi anaambiwa iko juu, anaanza: mbao zimepanda, mafuta yamepanda, kodi, mashine iliharibika, vijana wanataka kula. Mteja anasikia mtu anayejitetea, na anayejitetea huonekana ana kitu cha kuficha. Taja bei, taja kilichomo ndani ya bei kwa sentensi moja, kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde chache unaumiza, najua, lakini mwache mteja auvunje yeye. Atakachosema baada ya ukimya ndicho kitakachokuelekeza kwenye dalili ya kweli.

Kuna wanaotibu hali hii kwa kutaja bei kubwa ya uongo ili wapate pa kushukia. Siungi mkono. Fenicha hukaa sebuleni na chumbani, majirani wanaiona, wanaulizana walinunua ngapi. Aliyelipa 1,100,000 akijua jirani yake alilipa 880,000 kwa fundi yuleyule, hatarudi, na wala hatanyamaza.

Dalili: "Kwingine nimeona laki sita"

Hii ni tofauti na ile ya kwanza, kwa sababu mteja ametaja namba. Ana kitu kichwani anachokulinganisha nacho, na wewe hukioni. Usipokiona utakuwa unapigana gizani. Uliza kwa upole: "Hicho cha laki sita ulikiona wapi, na ni mbao gani?" Kama ana picha kwenye simu, omba uione. Sauti yako isiwe ya polisi. Wengi watakuonesha kwa furaha.

Hapo utakuta moja kati ya mambo haya. Pengine kitanda ni cha msonobari uliopakwa rangi. Au ni cha mninga kweli, lakini mbao zimechanganywa na ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Sehemu hiyo nyeupe haina nguvu ya kiini, na wadudu watoboao mbao huipenda sana. Baada ya muda mteja ataona unga mweupe sakafuni chini ya kitanda. Au mbao hazikukauka. Mbao mbichi huendelea kusinyaa ikiwa tayari ndani ya nyumba ya mtu, ulimi unalegea kwenye tundu lake, na kitanda kinaanza kulia kila mtu akigeuka usiku. Au pengine kitanda ni kizuri tu sawasawa na chako, na hilo tutalifikia.

Ukishajua tofauti, itaje bila kumsema vibaya fundi mwenzako. "Hicho cha kwenye picha ni cha msonobari, mama. Ni kitanda, kitalaliwa, na kama unakitaka cha chumba cha wageni kinaweza kukutosha. Hiki ni mninga, sehemu ya kiini tupu." Sentensi ya namna hiyo inafanya kazi kuliko kusema "hao ni matapeli", kwa sababu imempa mteja uhuru wa kuchagua cha bei ndogo, na mtu aliyepewa uhuru huacha kubishana. Tena ni kweli. Si kila mtu anahitaji mninga, na ukimlazimisha asiyeuhitaji utamuuzia kitu atakachokijutia.

Kuhusu ukavu wa mbao, uwe na ushahidi. Karakana inayojiheshimu huandika kwa chaki kwenye ncha ya ubao tarehe mbao ilipopangwa kukauka, na katikati ya mbao huwekwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Mbao nene hukauka hewani kwa miezi, si kwa wiki. Mpeleke mteja nyuma akaone mrundo na tarehe zake. Kama huna mrundo wa namna hiyo, basi usidai kuwa mbao zako ni kavu kuliko za mwingine, kwa sababu siku kitanda kitakapolia, tofauti ya bei uliyoitetea itakurudia kama deni.

Dalili: anakipenda, anakizunguka, kisha anashusha pumzi

Huyu hataji duka lingine. Anashika kichwa cha kitanda, anauliza vanishi itakaa muda gani, anapima kwa mkono, halafu anasema taratibu: "Ni kizuri, ila iko juu." Mara nyingine anaongeza "kwa sasa", na neno hilo usiliache lipite. Huyu anaiamini bei yako, ila hela hana, au hana yote leo. Ukimpunguzia elfu hamsini bado hatoweza, nawe utakuwa umeipoteza bure.

Swali lake ni hili: "Ulikuwa umepanga kutumia kama ngapi?" Wapo wanaoogopa kuuliza hivyo wakidhani watajibiwa namba ya kuchekesha. Mwache mteja aitaje. Ukijua namba, unajua kama unashughulika na muda wa malipo au na ukubwa wa kitanda chenyewe.

Akisema anayo yote mwisho wa mwezi, gawanya malipo, lakini gawanya kwa akili. Malipo ya kwanza lazima yalipe mbao na mashine, yaani 420,000 kwa kitanda chetu, vinginevyo unamkopesha mteja mtaji wako. Ya pili, 300,000, yaje kitanda kikiwa kimeungwa na hakijapakwa vanishi. Ya mwisho, 180,000, siku ya kupeleka. Jumla ni ileile 900,000. Kama huwezi kusubiri kwa sababu mtaji wako ni mdogo, mwambie atoe malipo ya kwanza atakapokuwa tayari na kazi ianze siku hiyo. Usianze na elfu hamsini za kishika uchumba ukitumaini mengine yatajileta.

Akisema amepanga 770,000 na haitaongezeka, usishushe bei ya kitanda kilekile. Badilisha kitanda. Ondoa mchongo kwenye kichwa, weka mbao bapa: umeokoa 60,000 za ufundi na 30,000 za mbao. Chaga za chini ziwe za msonobari mkavu badala ya mninga, maana ziko chini ya godoro na msonobari mkavu unaubeba uzito huo vizuri: umeokoa 40,000. Jumla uliyookoa ni 130,000, na 900,000 ukiondoa hizo unapata 770,000 kamili. Gharama zako nazo zimeshuka hadi 640,000, kwa hiyo faida ni ileile 130,000. Linganisha na yule fundi aliyekubali 770,000 kwa kitanda kizima chenye mchongo: amefanya kazi wiki nzima na faida yake ni sifuri.

Kuna vitu havikatwi hata mteja akiomba. Usipunguze unene wa mifumbati, usiondoe tendegu la katikati linalozuia chaga kubonyea, usiruke kupiga msasa mara ya mwisho. Mteja hatakumbuka kwamba ndiye aliyeomba. Atakumbuka tu kwamba kitanda chako kilivunjika.

Dalili: "Sawa, nitakutafuta", na kimya

Amekisifu kitanda, akasema kwa haraka kwamba bei iko juu kidogo, akaomba namba ya simu, akaondoka. Au yuko kwenye WhatsApp: ametuma picha, umempa bei, amejibu "duh", kisha alama mbili za bluu na basi. Sababu mbili hujificha hapa.

Ya kwanza ni kwamba aliyekuja siye anayeamua. Kuna mume, mke, kaka anayelipa akiwa Mwanza, au kamati ya familia. "Bei iko juu" ni njia ya heshima ya kuondoka bila kusema "mimi sina kauli". Uliza wazi lakini kwa adabu: "Hiki mnakichagua na nani, dada?" Akitaja mtu, usimshushie bei yeye. Mpe kitu cha kubeba: picha ya upande wa ndani wa mfumbati, vipimo, bei na vilivyomo ndani yake, tarehe ya kumaliza. Ukimpa punguzo mjumbe, yule anayelipa atakuja na kuomba la kwake, na atakuwa na haki, kwa sababu yeye hajapewa chochote.

Ya pili ni nzito zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopoteza oda nyingi kuliko bei yenyewe. Mteja ameshawahi kuumizwa na fundi. Alitoa malipo ya awali, akaambiwa wiki mbili, ikawa miezi, simu haipokelewi, na kilicholetwa hakifanani na picha. Mtu huyu hawezi kukwambia usoni "sikuamini". Anasema bei iko juu. Na kwake iko juu kweli, kwa sababu anaongeza kichwani thamani ya usumbufu anaoutarajia.

Chukua mazungumzo kama haya, na mama anayemtengenezea binti yake kitanda cha harusi:

"Laki tisa bado iko juu, baba. Mtaani natengenezewa kwa laki saba na nusu."

"Mninga pia, mama?"

"Mninga. Fundi namjua, ni hapo hapo nyuma ya nyumba."

"Sasa mbona hujampa kazi?"

Kimya kidogo. "Yule kabati langu alikaa nalo mpaka nikachoka kumfuata."

Pingamizi limejifungua lenyewe. Bei ya mtaani ipo, mbao ni zilezile, na bado mama amepanda daladala kuja Keko. Amekuja kwa sababu ana tarehe ya harusi na hana mtu wa kumwamini na hiyo tarehe. Ukimjibu "basi lete laki nane", umejibu swali ambalo hakuuliza, na umemwonesha kwamba hata bei yako ya kwanza haikuwa ya kuaminika.

Jibu lake linahusu tarehe. "Harusi ni lini, mama?" Akiitaja, hesabu kurudi nyuma mbele yake: siku za vanishi kukauka, siku za kuunga, siku za kuranda, na siku chache za akiba. Andika kwenye karatasi yenye jina la karakana: aina ya mbao, vipimo, tarehe ya kitanda kuungwa ili aje akione kabla ya vanishi, tarehe ya kukabidhi, na malipo matatu yanayofuata hatua hizo. Malipo ya pili hayalipwi mpaka amekiona kitanda kimesimama. Mwachie karatasi moja, ubaki na nyingine. Sasa tofauti ya 150,000 kati yako na fundi wa mtaani ina jina: ni ile ahadi iliyoandikwa, na mama anaweza kuamua kama ahadi hiyo ina thamani hiyo kwake.

Onyo moja tu. Usiandike tarehe ambayo una shaka nayo. Ikiwa kijana wako wa mchongo ana oda nyingine mbili, sema mapema, au mwambie mama achague kichwa cha mbao bapa ambacho hakimngojei mtu.

Dalili: "Bei ya mwisho ngapi?" kwenye meseji ya kwanza

Hili ni swali la mtu anayetuma meseji ileile kwa mafundi sita. Ukijibu kwa namba iliyoshushwa, unakuwa mstari kwenye orodha yake, na kesho atamwonesha mwingine namba yako. Ukikataa kutaja bei umekuwa msumbufu. Taja bei kamili na umrudishie swali litakaloibadilisha: "Futi 5 kwa 6, mninga, kichwa cha mchongo, hadi mlangoni kwako Dar: 900,000. Kuna cha kichwa bapa na chaga za msonobari, 770,000. Unakihitaji lini?" Anayenunua kweli atajibu swali la tarehe. Asiyejibu hukumpoteza, hukuwahi kuwa naye.

Pale bei ilipo juu kweli

Inatokea, na usijidanganye. Utaijua kwa mchanganyiko wa mambo haya: wateja wanaojua mbao, waliotazama ndani ya mfumbati, wenye hela na wenye uamuzi, wanakuacha na kwenda kununua kitanda kilekile kwa mtu mwenye sifa kama zako. Mmoja ni bahati mbaya. Wakifuatana, tatizo liko kwako, na hakuna maneno ya kulitibu.

Hata hapo, punguzo si dawa, kwa sababu linaacha gharama zikiwa palepale. Rudi kwenye karatasi ya kwanza. Je, unanunua mbao moja moja kwa bei ya rejareja kila oda inapoingia, wakati jirani yako hununua mrundo na kuukausha? Je, vipande vinavyobaki baada ya kukata ni vingi mno kwa sababu mbao ulizonunua urefu wake hauendani na mifumbati ya futi 6? Je, kazi inarudiwa, vanishi inakwanguliwa na kupakwa upya kwa kuwa vumbi la randa liliingia? Kila kimoja kina shilingi zake, na ukikitibu unaweza kutangaza bei mpya iliyo chini kwa wateja wote. Hiyo ni tofauti kabisa na kumpunguzia anayepiga kelele na kumtoza kamili aliye mpole.

Kinyume chake nacho ukitazame. Kama mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyesema iko juu, huenda unauza mninga kwa bei ya msonobari.

Ukiamua kushusha, shusha kwa kubadilishana

Kuna wakati utatoa, na sioni aibu. Mteja anachukua vitanda vitatu vya nyumba ya wageni: safari ya gari ni moja, mashine inawekwa mara moja, umeokoa kweli, mgawie sehemu ya ulichookoa. Mteja analipa yote siku ya kuagiza: umepata mtaji bila mkopo, una sababu. Mteja anakuja na gari lake: toa 40,000 za kirikuu. Katika kila hali sema sababu kwa sauti, "nakutolea elfu arobaini kwa kuwa unachukua mwenyewe", ili ajue bei haikushuka kwa sababu amelalamika.

Na mteja ambaye amefika mwisho, kila kitu kimekaa sawa, anataka tu aondoke na kitu mkononi, mpe kitu ambacho kwako ni kidogo na kwake kina maana. Mimi hutoa kazi ya kumfungia kitanda chumbani, na ahadi ya kupita baada ya miezi sita kukaza skrubu. Inakugharimu nauli na saa moja. Tena ukifika huko utakiona kitanda kikiwa kimetumika, utajua kama ulimi umelegea, na mara nyingi utaulizwa kuhusu kabati.

Dalili kwamba ulishusha haraka mno ni rahisi kuitambua: mteja anaomba mara ya pili. Umetoka 900,000 hadi 850,000 bila kuomba chochote, naye anasema "fanya laki nane". Hana tamaa, ameona tu kwamba namba zako zinasogea zikisukumwa. Acha kushuka hapo, na uweke sharti: "Laki nane na nusu ni pamoja na wewe kulipa yote leo, mama. Ukilipa kwa awamu tunarudi kwenye laki tisa."

Aliyeondoka bila kununua, mwandike kwenye daftari: jina, kitanda alichotaka, na sababu unayodhani ilikuwa ya kweli, si "bei". Baada ya siku chache mtumie meseji moja inayohusu sababu hiyo. Kwa yule wa harusi: "Habari za leo, mama. Ili kitanda kiwahi tarehe yako, mbao zinatakiwa kuanza kurandwa Jumatatu ijayo. Nikushikie nafasi?" Usitaje bei, usitume punguzo. Akijibu "bado iko juu", muulize swali ambalo hukumuuliza mara ya kwanza.